Picha ya Mama Iliyokwama kwa Shangazi

Shangazi yangu alinizushia uongo mbele ya ukoo mzima. Alisema amenitumia picha ya marehemu mama yangu kwa simu, kwamba nimeipokea, na kwamba nakana kwa roho mbaya tu. Aliyaandika hayo kwenye kundi la ukoo, watu thelathini na wawili wakisoma, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza, "Ni kweli?" Binamu yangu, yule mwanawe anayefanya kazi ya ukarani, ndiye aliyejifanya kunitetea. Aliandika: "Tusimlaumu. Labda imefika ila hajui kuifungua. Hakupita shule." Vikatuni vya kucheka vikamiminika chini yake kama mvua ya mawe.

Ni kweli sikupita shule. Nilipita jikoni kwa mama yake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane, Shangazi akanichukua. Alikuwa mwalimu. Kila asubuhi alitoka na wanawe wamevaa sare, mimi nikabaki na masufuria. Alifundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano, na mtoto aliyekuwa ndani ya nyumba yake hakumfundisha hata herufi moja. Kusoma nilijifunza ukubwani, polepole, kwenye makopo ya mafuta ya nywele na mabango ya saluni.

Mimi ni msusi. Wateja wangu hunitumia picha za mitindo kutwa kucha, na nusu ya hizo hazifiki mara ya kwanza. "Nimekutumia, mbona kimya?" Namwambia lete simu nione. Kwa hiyo jambo la picha zisizofika nalijua kama ninavyojua kupasua njia ya kati kichwani kwa mteja. Lakini Shangazi simu yake haiguswi na mtu. Kila nilipompigia kumwambia sijaona kitu, alinijibu, "Tiki mbili zipo hapa, naziona kwa macho yangu mawili na miwani juu."

Picha yenyewe ilikuwa moja tu duniani. Ya karatasi, kwenye fremu, ukutani kwake. Alimaliza kuipiga kwa simu ili anitumie, na wiki iliyofuata paa likavuja, maji yakaingia ndani ya fremu, karatasi ikanatana na kioo. Alipoibandua, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Mimi sura ya mama nilikuwa nimeanza kuisahau. Naikumbuka mikono yake, sauti kidogo, uso hapana.

Alhamisi moja saa nne asubuhi akanipigia.

"We mwana, simu yangu imejaa, inanigomea. Leo nafuta mapicha yote, yameshakwenda kwa wenyewe. Ya mama yako si unayo, japo unakana?"

Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio.

"Shangazi, usifute! Nakuja."

"Nisifute nini, uje kufanya nini?"

"Usiguse kitu. Weka simu mezani, kaa mbali nayo."

Nilimkabidhi mteja kwa mwenzangu. Nilimsikia akilalamika, "Nitatokaje hivi?" Nikamjibu nikiwa mlangoni, "Wageuzie watu upande uliosukwa, wakuone huo."

Nilimkuta Shangazi sebuleni, kwenye kiti chake cha mkono, simu juu ya meza, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja mbio kama una kesi."

"Ninayo. Umefuta?"

"Ningefutaje, nawe umeniambia nikae mbali? Nimeifunika isinishawishi."

Nikashusha pumzi. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na goti lake. Nikamwomba aifungue mwenyewe, maana najua akiiona mikononi mwangu ataniita mwizi na si mwongo tu. Akaitoa chini ya kitambaa, akafungua Watsapu, akatafuta jina langu. Nimeandikwa "Msusi". Sikuandikwa hata mtoto wa kaka.

"Haya. Hiyo hapo picha." Akanisogezea. "Na hizi hapa tiki mbili. Nani mwongo sasa?"

Mama alikuwa pale, mdogo kama kucha. Sikuthubutu kumtazama vizuri. Nikatazama alama.

"Shangazi, hizo tiki ziko chini ya nini?"

"Chini ya ukurasa."

"Ziko kwenye maneno uliyoandika baada ya picha. Soma."

Akasogeza miwani. "'Hiyo ndiyo picha ya mama yako, itunze.'"

"Maneno hayo niliyapata. Nikakuuliza, picha ipi? Ukaniita mjeuri. Sasa panda juu, kwenye picha yenyewe. Pembeni yake kuna tiki?"

Akakodoa macho. Akaisogeza simu, akairudisha. "Kuna kisaa."

"Hicho kisaa maana yake bado haijatoka ndani ya simu yako. Tiki moja, imetoka. Tiki mbili, imeingia kwenye yangu. Na kila ujumbe una alama yake. Hii haiwezi kusemea ile."

"Mimi nilijua tiki ya chini inafunga yote."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukisahihisha madaftari! Tiki moja kubwa chini ya ukurasa, hesabu zote sahihi."

"Darasa lilikuwa na watoto tisini, wewe! Ungesahihisha moja moja?"

"Basi wapo watu wazima huko nje wanadhani wanajua kugawanya, kumbe ni tiki yako."

Akanipiga kikofi begani, lakini mdomo ulimcheza. Kisha akauliza swali la maana, nampa haki yake: "Kama maneno yamefika, kwa nini picha isifike? Si njia ni moja?"

"Njia moja, mizigo tofauti. Maneno ni kama bahasha, unaipitisha chini ya mlango. Picha ni kabati. Inataka mlango ubaki wazi muda. Hebu niambie, ukimaliza kubonyeza kutuma, unafanya nini?"

"Nazima data."

"Papo hapo?"

"Papo hapo! Nikiiacha wazi inanyonya bando lote. Mimi si mjinga."

Hapo ndipo ilipokuwa kesi yote. Kila mara Shangazi alibonyeza kutuma na kidole kile kile kikakimbilia kuzima data, kama mtu anayefunga banda kabla kuku hawajaingia. Maneno, kwa kuwa mepesi, yaliwahi kupenya. Picha ilinaswa katikati. Ilijaribu, ikashindwa, ikakaa hapo miezi miwili ikingoja mtu aiguse, na mimi nikaitwa mwongo.

"Umemfungia mama yangu mlango usoni, Shangazi."

Akaufuta uso wa simu kwa upindo wa khanga.

"Haya, nifundishe," akasema. Neno hilo kutoka kinywa kile nililisikiliza hadi mwisho wake.

"Kwanza washa data."

Akawasha.

"Tazama picha. Katikati kuna mshale unaoelekea juu, na maneno."

"'Jaribu tena.'"

"Uguse huo. Huna haja ya kuanza upya."

"Niuguse tu? Haitakwenda mara mbili?"

"Haijaenda hata mara moja."

Akaugusa. Duara likaanza kuzunguka juu ya picha. Kidole chake, wallahi, kikaanza kuteremka kuelekea kwenye data. Nikakikamata.

"Acha!"

"Sikuwa nazima. Nilikuwa naangalia kama ipo."

"Ipo. Kaa juu ya huo mkono."

Mwalimu mstaafu akakalia mkono wake kama mtoto wa chekechea. Duara likazunguka, likazunguka, likasimama. Mshale ukarudi.

"Imekataa," akasema Shangazi, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Imeharibika?"

"Haijaharibika. Mtandao humu ndani ni hafifu. Twende dirishani."

Nikamsaidia kuinuka. Tukasimama dirishani, vichwa vimegusana, simu kati yetu. Akaugusa mshale tena bila kuambiwa. Duara likaja, likajaa polepole. Likatoweka. Kisaa kikawa tiki moja.

"Imetoka!" akapiga kelele.

"Bado ya pili."

Simu yangu ikalia mkobani. Tiki ya pili ikaja kwake kabla sijaitoa. Nikafungua. Picha ilikuwa ya ukungu mtupu.

"Mbona hivyo? Nimekutumia moshi?"

"Yangu nimeifunga isishushe picha bila kuguswa, maana za wateja ni nyingi. Lazima niiguse nayo ishuke." Nikaigusa.

Ukungu ukaondoka na mama akatokea. Kwenye kona ya kioo cha fremu palikuwa na mng'ao wa taa, lakini haukumfikia usoni. Alikuwa msichana. Ana umri mdogo kuliko wangu wa leo kwa miaka ishirini, ametabasamu na meno ya mbele yamepishana kama yangu, yale ambayo Shangazi aliniambia utotoni kwamba nimeyaharibu kwa kunyonya kidole. Nilisimama pale nikaangalia meno.

"Sasa uihifadhi mahali pengine pia," Shangazi akasema taratibu. "Isije ikawa kama ya kwangu."

"Nitaichapisha leo. Na wewe usifute mpaka nikuambie."

"Nimesikia, mwalimu."

Tulicheka wote wawili. Alinitengenezea chai, tukaketi. Nikamfanyisha mazoezi: akanitumia picha ya kikombe, ya mlango, ya mguu wake. Kila mara alisubiri tiki mbili za picha yenyewe ndipo alipozima data. Ya tatu aliisubiri huku akihesabu kwa sauti, kama darasani.

Nilipoinuka kuondoka nikamwambia, "Sasa waandikie ukoo."

"Nitaandika."

"Andika sasa, nipo."

"Bando limebaki kidogo, mwanangu. Umenimalizia kwa kikombe na mguu."

"Maneno ni bahasha, Shangazi. Yanapita."

Akazima data mbele yangu, akarudisha kitambaa juu ya simu.

Aliandika siku ya tatu. "Picha ya marehemu wifi yangu imefika salama. Mtandao ulikuwa na matatizo." Watu wakaweka mikono ya kuomba na maua. Binamu yangu karani akaandika, "Hongera kwa kuifungua."

Picha nimeichapisha, iko saluni juu ya kioo, na wateja husema tumefanana. Mtandao haukuwa na matatizo, na mimi sikusema uongo. Shule sidai tena, wakati wake umepita. Ninachomdai Shangazi ni sentensi moja, aiandike palepale aliponichafua, mbele ya wale wale thelathini na wawili: kwamba nilikuwa nasema kweli na yeye ndiye aliyekosea. Karani namdai ya pili, kwamba kuifungua najua. Mpaka leo hakuna aliyeandika, na data zao nazijua, zimewashwa.