Alama Mbili za Lenzi

Mwaka ule nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Beni. Maabara yetu ilikuwa darasa la nyuma, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Lenzi tulikuwa nayo moja tu, imekwama ndani ya kibomba cha chuma kilichotoka kwenye projekta iliyokufa. Hakuna aliyeweza kuitoa, wala kuona kioo chenyewe kimekaa wapi hasa humo ndani.

Siku ya mazoezi niliweka mushumaa kwenye sifuri ya rula ndefu, na kadibodi nyeupe kwenye santimetri themanini. Niliwaambia wanafunzi wasiguse vile viwili. Wasogeze kibomba peke yake, na picha ya mwali ikikaa wazi kwenye kadibodi, waandike ukingo wa kibomba uko wapi.

Karibu wote waliandika kumi na nane. Binti mmoja, mukimbizi kutoka Eringeti aliyekaa kwa shangazi yake, aliandika kumi na nane, na chini yake hamsini na nane.

"Jibu ni moja," nikamwambia mbele ya wote. "Hii ya pili umekopia wapi?"

"Sikukopia, Madame. Picha inakuya mara mbili. Ya kwanza kubwa, ya pili kadogo."

"Basi ulisongesha carton."

"Hapana, Madame. Nilisongesha lentille tu."

Wenzake walicheka. Nilichukua kalamu nyekundu, nikamwandikia sifuri. Hakulia. Alikunja karatasi yake mara nne, akarudi mahali pake.

Walipotoka nilibaki kupanga vifaa. Mushumaa ulikuwa bado unawaka. Sijui ni nini kilinisukuma, nikashika kibomba na kukipitisha taratibu. Kwenye kumi na nane mwali ulitokea kichwa chini, mkubwa kuliko mushumaa wenyewe. Nikaendelea, picha ikafifia, ikawa ukungu. Nilipofika hamsini na nane mwali ulirudi, mdogo kama punje ya mpunga, lakini makali yake wazi kabisa. Niliketi.

Nilikuwa nimesoma hayo chuoni Butembo, nikayafanyia mtihani, nikayaacha huko. Mwangaza ukitoka kwenye mushumaa, ukapita lenzi iliyo umbali wa ishirini, tuseme kioo kimekaa santimetri mbili ndani ya ukingo wa kibomba, ukakutana kwenye kadibodi sitini mbele yake, basi njia hiyo hiyo inafaa pia kwa kurudi. Weka lenzi sitini kutoka kwenye mushumaa, picha itatua ishirini mbele yake. Masafa hayo mawili yamebadilishana nafasi tu. Binti alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho mwalimu wake alikuwa amekisahau.

Niliazimia kumuomba msamaha kesho yake asubuhi. Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata.

Siku ya tatu nilienda kwa shangazi yake. Nilikuta turubai uani na wanawake wamekaa chini. Baba ya binti alikuwa amebaki Eringeti kulinda kakao yake; waasi walimuulia shambani. Nilikaa kwenye mukeka pamoja na wengine. Binti alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani. Sikusema neno juu ya lenzi.

Shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. "Mutoto alizungumuza na baba yake kwa simu ile siku ya mazoezi, mangaribi," akaniambia. "Akamuuliza: masomo inaendaje? Mutoto akajibu: leo Madame amenipa zéro. Kesho yake ndiyo baba alikufa."

Hakujua kwamba Madame huyo ni mimi. Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Na mutoto alikuwa na haki." Akasema tu, "Basi umuambie yeye."

Binti alirudi baada ya wiki mbili. Niliwasha mushumaa mbele ya darasa zima, nikasema: "Nilimuonea mwenzenu. Mimi ndiye niliyekosa." Kisha nikamwomba atuoneshe.

Aliweka alama ya chaki kwenye kila mahali picha ilipokuwa wazi. "Kutoka hapa mpaka hapa ni arobaini," alisema kwa sauti ndogo. "Kioo iko wapi ndani, haina kazi, sababu bomba nzima imetembea sawasawa."

Tulifanya hesabu pamoja: themanini mara themanini, toa arobaini mara arobaini, gawanya kwa mara nne ya themanini. Umbali wa fokasi ukatoka santimetri kumi na tano. Mmoja akauliza kama picha zinakuwa mbili sikuzote. Binti akasogeza kadibodi mpaka sitini, mara nne ya kumi na tano, na mahali pawili pakawa pamoja. Akaisogeza mpaka hamsini, na picha haikutokea tena popote.

Kengele ilipolia nilimwita. Nilimpa alama zake zote, nikamwambia kwamba shangazi alinieleza habari ya simu.

"Baba hakukasirika," alisema. "Aliniambia: rudia tena, labda Madame hakuona muzuri."

Alipata diploma, akaenda kuishi na ndugu zake Kayna. Mimi ningali nafundisha. Mwanafunzi akiniletea jibu nisilolitarajia, ninaweka kalamu chini kwanza, na kumwambia: twende unioneshe.