Kitambaa Juu ya Kompyuta

Waumini wa kigango chetu, Muleba, walinituma Bukoba mjini kununua kompyuta ya kuhariri video za kwaya. Nilichagua ya bei kubwa, mpya kabisa. Wiki haikuisha, ikaanza kukwama: picha zinaganda, nyimbo zinakatika. Nikaingiwa na hofu. Jumapili kamati ingekuja kuitazama, na nani angeamini kwamba sikununua bovu nikala hela iliyobaki?

Mara mbili niliipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kashai, kule Bukoba, na mara zote mbili ilifanya kazi vizuri. Nilisali njia nzima ya kurudi. Nilipoiwasha ofisini kwetu, ikakwama tena.

Safari ya tatu fundi alinipa binti anayejifunza kazi kwake, aje aione mahali inapokaa. Tulipofika ofisini, hakugusa hata bisibisi.

"Baba, hiki kitambaa huwa unakitoa saa ngapi?"

"Sikitoi. Vumbi, binti yangu. Mke wangu amekifuma kwa ajili hiyo."

"Hata ikiwa inafanya kazi?"

"Hata hapo."

Akacheka. "Mzee wangu, umemfunika mkimbiaji blanketi!"

Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu ya hewa, mbele na nyuma. Akanionyesha kipimo cha joto kwenye skrini: ikichemka mno, kompyuta hujipunguzia kasi yenyewe isiungue.

Akakiondoa. Tukasubiri huku namba zikishuka polepole. Kisha akafungua video moja, ikaenda mpaka mwisho.

Nilimshukuru Mungu. Jumapili niliwaeleza wanakamati kosa langu kabla hawajaketi, maana bado niliyaogopa macho yao.