Mkono Ukae Juu

Nilipomaliza masomo ya jioni, Bugarama yote iliamini kwamba sasa naweza kuandika chochote, hata katiba ya nchi. Ndiyo maana mwenyekiti wa ligi yetu ya kata alinikabidhi kazi: niandike kwa Kiswahili chepesi sehemu ya mwongozo wa waamuzi wapya wa kujitolea, ile ya ishara za mikono na upigaji wa filimbi. Waamuzi wenyewe tulikuwa wachache, nami nikiwa mmoja wao.

Nilikubali haraka kuliko mwewe anavyoshuka kwenye kifaranga. Nilikuwa nimehama kutoka Kolandoto, nimepanga chumba katika ua wenye milango mingi, na mtu pekee aliyebisha mlango wangu alikuwa jirani, mchimbaji aliyekuwa pia golikipa wa timu ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila jioni alikuja na dagaa, mimi nasonga ugali, tunakula sahani moja. Mwongozo ule tuliuandika wawili. Mimi nasoma, yeye anafanya.

"Kuanzisha mpira, kusimamisha faulo, filimbi," nilisoma. "Mpira ukitoka wazi kuwa kona au wa kurusha, usipige. Ukipiga kila kitu, siku ya faulo kubwa hawatakusikia."

"Kama mama mwenye nyumba," alisema. "Anafoka tangu asubuhi, nani anamsikia?"

"Faulo ya kawaida, filimbi fupi. Faulo mbaya, ndefu na kali. Mchezo ukiisha, tatu, ya mwisho uivute."

Aliivuta mpaka kuku wakahama wilaya.

Ukurasa uliotusumbua ulikuwa wa adhabu isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mtu wa pili. Mwamuzi ananyoosha mkono juu ya kichwa, na haushushi mpigaji anapopiga. Unakaa juu mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine, au utoke nje. Jirani alisimama katikati ya ua mkono juu, mimi nikamsahau, nikaenda kugeuza ugali.

"Bhabha, nishushe?"

"Umeguswa na nani?"

"Na inzi!"

Wapangaji walicheka. Ule ua haukuwahi kuwa na watu wengi kiasi kile.

Kisha nikapangiwa kuchezesha timu yake na timu ya wauza duka wa sokoni. Hakukuwa na goli mpaka karibu na mwisho, beki wa makarasha alipomrudishia jirani yangu mpira kwa mguu, kwa makusudi. Naye, sijui kwa woga au kwa mazoea, akaudaka. Filimbi ilipigwa kabla sijafikiri. Nilionyesha mahali, ndani ya kumi na nane, nikanyoosha mkono juu.

"Hata wewe?" aliniuliza, mpira bado mikononi.

Nilimwashiria auweke chini. Mshambuliaji wa sokoni akatandika moja kwa moja. Mpira haukugusa mtu, ukatikisa wavu hadi mgodini Buzwagi wakahisi. Uwanja ulilipuka. Mimi nilibaki nimesimama, mkono juu peke yake katika anga lote lile. Mpira haukuguswa na mtu wa pili. Nikaushusha mkono kuonyesha eneo la golikiki.

Walinizunguka. Nahodha wa sokoni, mwenye duka la vipuri, alipiga kelele: "Goli safi hilo! Unamwogopa nani?"

"Mkono ulikuwa juu," nilisema.

"Mkono ule unaoshika ugali wake! Ua mzima unajua mnakula sahani moja!"

Mechi iliisha bila bao. Kesho yake mwenyekiti aliniita ofisini kwake, yaani kwenye benchi mbele ya duka la dawa.

"Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa," alisema. "Lakini mwamuzi hali na mchezaji. Chagua, mwanangu. Filimbi au sahani."

"Shikamoo, mzee," nilijibu.

"Marahaba. Chagua."

Nikachagua filimbi. Ligi ingempata nani wa kuchezesha? Hivyo nilijiambia. Jioni jirani alibisha na dagaa wake, nikamweleza mlangoni. Hakukasirika.

"Basi," alisema, "nitakula kwangu." Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia kijiko chake kikigonga sufuria. Nadhani naye alisikia changu.

Mwongozo umetoka. Waamuzi wapya husema sehemu yangu inaeleweka kuliko zote, nami huwaambia imefanyiwa majaribio na bingwa wa dunia. Hawaulizi ni nani.

Siku hizi tukikutana uani hatusimami kuongea, watu wana macho. Yeye hunyoosha mkono juu ya kichwa, wima, na kuuacha pale mpaka aingie chumbani kwake. Mimi nami hunyoosha wangu. Ugali bado nausonga mwingi mno kwa mtu mmoja.