Maneno Yake kwa Mwandiko Wangu

Tulikuwa walimu wawili wa skuli moja ya wasichana, mjini Unguja, na kwa miaka mitatu tuliandika kitabu kimoja mara mbili. Kila mwalimu alitakiwa kuwa na daftari la maandalio: somo gani atafundisha, ataanza vipi, na hadithi atakayowasomea watoto iandikwe humo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwisho wa wiki mwalimu mkuu alizikusanya daftari na kutia saini. Hakuna aliyekuwa na hamu na kazi ile.

Mimi na shoga yangu tuliigawa. Mimi nilikuwa na mkono wa kuchora, basi ramani na picha za daftari zote mbili zilikuwa zangu. Yeye alikuwa na maneno. Alhamisi jioni nilikwenda kwao Malindi, mama yake akatutilia chai ya tangawizi, shoga akatunga hadithi za wiki, mimi nikazinakili kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu, uliosifiwa skuli nzima. Walimu wengi walifanya hivyo, ila kila mmoja alidhani wenzake hawafanyi. Sikuliona kosa. Nililiona ni pendo.

Kisha ikafika barua ofisini kwa wakubwa wa elimu. Ilipigwa taipu, haikuwa na jina, na ilisema kwamba mwalimu mkuu wetu alimwonyesha mtoto wa dada yake maswali ya mtihani kabla ya siku yake. Kamati ya watu watatu ikaundwa. Ungedhani wataanza kwa kumuuliza mtoto yule. Walianza kwa kumtafuta aliyeandika.

Mwalimu mkuu akaulizwa ni nani wasiopatana naye. Akataja watano, na mimi nikiwamo, kwa sababu mwaka ule nilimbishia mbele ya watu juu ya zamu za usafi. Shoga yangu hakutajwa. Alikuwa kipenzi chake, akimbebea mkoba mpaka mlangoni. Daftari zetu watano zikachukuliwa pamoja na barua, zikapelekwa kwa mwalimu wa hesabu wa chuo cha ualimu, mtu mzima aliyesoma nje na ambaye, walisema, aliweza kumjua mwandishi kwa kuhesabu maneno. Tulicheka tuliposikia. Shoga yangu alicheka kuliko sote.

Baada ya wiki mbili mwalimu yule aliniita. Nilimkuta ofisini kwake, meza imejaa karatasi za mistari midogo midogo, minne kwa minne, na wa tano ukiikata.

"Shikamoo."

"Marahaba, Bi Mwalimu. Kaa. Mimi sipendi mtu ahukumiwe kwa jambo asilolielewa, kwa hiyo nimekwita nikueleze."

Akanieleza kama anayefundisha darasa la nne, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema maneno makubwa ya mtu hayamfichui. Anayeandika juu ya samaki atataja samaki, na anayeandika juu ya mtihani atataja mtihani, awe nani. Mtu hufichuliwa na maneno madogo: na, kwa, lakini, ila, hata, basi, tena, tu. Hayo hayana habari na mada, yanajitia yenyewe, na mwenye kuandika hayachungi. Kila mtu ana kadiri yake ya kuyatumia, kama alivyo na kadiri yake ya chumvi. Mtu wa kwanza huandika neno lakini kila baada ya mistari mitatu, mwengine huandika neno ila, wa tatu hapendi hili wala lile.

"Basi mimi nahesabu," alisema. "Katika maneno elfu ya mtu huyu, neno hata limekuja mara ngapi? Neno lakini mara ngapi? Nafanya hivyo kwa maneno thelathini, halafu natazama barua iko karibu na nani. Neno moja si kitu. Yakikubaliana mengi kwa pamoja, hapo ndipo nnapotega sikio."

Akanisogezea karatasi. Barua ilikuwa na maneno kama mia sita, na ndani yake neno hata lilikuja mara tisa. Katika daftari langu lilikuja mara kumi na nne kwa kila elfu, yaani karibu kadiri ile ile. Wenzangu wanne hawakufika sita. Neno lakini halikuonekana ila mara moja katika barua, na katika daftari langu lilikuwa adimu vile vile. Neno baada ya neno, safu yangu na safu ya barua zilikwenda pamoja.

Nilitazama tena lile neno hata. Mimi neno hata silisemi. Anayelisema ni shoga yangu. Hata chai, hata salamu, hata wewe.

"Sasa sikiliza na upande wa pili," alisema, "kwa sababu kamati hawatoupenda. Maneno mia sita ni machache. Tisa ingeweza kuwa sita au kumi na mbili kwa bahati tu. Tena daftari ni hadithi za watoto na barua ni mashtaka, na mtu hubadilika kidogo akibadilisha kazi. Na kubwa zaidi: nimeletewa watu watano. Hesabu yangu itampata aliye karibu zaidi katika hao watano, hata kama aliyeandika hayumo. Mimi nasema inafanana. Sisemi ameandika huyu. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilimwambia sina. Nilitaka kwanza kumsikia mwenyewe.

Nilikwenda Malindi kabla ya adhuhuri, siku ambayo haikuwa Alhamisi, na alipofungua mlango alinijua usoni. Mama yake alikuwa jikoni. Tulikaa barazani ndani, nikamweleza habari ya maneno madogo, safu kwa safu.

Hakukataa. Alisema, "Ningejuaje mie kama watahesabu? Nani anajua habari hizo?"

"Umeiandika wewe."

"Nimeandika kweli tupu. We mwenyewe ulimwona yule mtoto na karatasi."

Nilimwona, ni kweli. Sote wawili tulimwona, nyuma ya ghala la skuli, na tulikwisha kulizungumza jambo lile mara kumi.

"Basi kawaambie," nilisema. "Mimi nnafukuzwa kazi."

Alinishika mikono. Alisema mama yake hana mwengine. Alisema nimpe mpaka Jumatatu, siku ya kikao. "Ntasema mwenyewe, wallahi. Usitangulie kunitaja, shoga, iwe imetoka kwa mdomo wangu." Nikampa mpaka Jumatatu. Nikanywa na chai.

Jumatatu kamati ilikaa kwenye chumba cha juu, madirisha wazi. Mwalimu wa hesabu alieleza kama alivyonieleza mimi, pande zote mbili, ila niliwaona wale watatu wakiandika upande wa kwanza na kuweka kalamu chini ulipofika wa pili. Nikaulizwa. Nikasema barua si yangu, na kwamba hadithi za daftari langu si maneno yangu pia, nilizinakili, na aliyezitunga yupo nje ya mlango na atasema mwenyewe.

Akaitwa. Aliingia kwa adabu, buibui limenyooka, akasalimu. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli kwamba tulikuwa tukinakiliana.

"Ni kweli," alisema. "Ni kosa na najuta. Mie ndiye nliyekuwa nnanakili kwake."

Hakunitazama. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Maneno machache, na miaka mitatu ya Alhamisi ikageuzwa ndani nje. Daftari lake halikuhesabiwa, kwa kuwa hakuwa katika watano, na sasa wangelihesabu pia wangekuta hadithi zile zile.

Mwalimu wa hesabu aliinua mkono. "Waheshimiwa, hapa hesabu yangu imefika mwisho wake. Nilidhani mwandiko na maneno ni vya mtu mmoja. Sasa naambiwa sivyo, na hesabu haioni nani alitunga na nani alinakili. Nahitaji maandishi ya kila mmoja wao, ya kabla hawajaanza kushirikiana. Barua za nyumbani zingefaa, zikiwa nyingi."

Mkoba wangu ulikuwa mapajani. Ndani yake mlikuwa na barua thelathini na mbili, nilizozichukua alfajiri ile kwetu Kiembe Samaki, ndani ya sanduku la nguo, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa na wasiwasi kuliko ulimi. Shoga yangu aliniandikia mwaka aliofundisha Mkokotoni, kabla hatujawa skuli moja. Humo alinieleza posa yake iliyovunjika, kwa nini ilivunjika, na mambo ambayo msichana humwambia mtu mmoja tu duniani. Kuhesabu neno hata ni lazima uyasome yote. Wanaume wanne wangeyasoma, neno kwa neno, wakitia mistari.

Shoga yangu aliutazama mkoba. Alijua. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, na sikuona machoni mwake ombi wala haya. Niliona anasubiri, kama mtu anayejua bei.

"Unazo barua zozote?" mwenyekiti aliniuliza.

"Sina," nilisema.

Yeye alipoulizwa kama anazo zangu, alisema hahifadhi barua.

Kamati iliandika kwamba mwenye barua hakuthibitika, kwa kuwa mhesabu mwenyewe alikataa kutia saini hukumu yenye hesabu peke yake. Hilo liliniponya na kufukuzwa. Shoga yangu alionywa kwa kunakili, akasamehewa kwa kuwa amekiri. Mimi nilionekana mbishi na mwongo, nikahamishiwa Mkokotoni. Mtoto wa dada wa mwalimu mkuu hakuulizwa kitu. Mjini hapakuwa na aliyesoma kile kipande cha "hakuthibitika". Waliokuwa wakinisalimia kwa jina sokoni wakawa wanapima samaki bila kuinua macho. Baba yangu alikufa akiamini nimeiandika ile barua, na akiionea fahari, jambo linalonichoma kuliko yote, kwa kuwa fahari ile haikuwa yangu.

Hasira yangu haikuwa kwa hesabu. Hesabu ilisema kweli: barua na daftari vilikuwa vya mtu mmoja. Watu ndio walioipa kazi isiyo yake.

Mwaka wa pili Mkokotoni nilipata barua kutoka kwa shoga yangu. Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu, na yeye amepewa nafasi ile. Mistari sita. Aliuliza hali, alisema mama yake hajambo, alisema hata yeye hulikumbuka lile jambo na hata sasa huumia, na kwamba anatumai nimesahau. Nilihesabu, siwezi kusema sikuhesabu. Mwalimu wa chuo angesema mistari sita haitoshi kwa chochote.

Nilichukua karatasi ya daftari nikamjibu kwa maneno yangu mwenyewe. Nilimwandikia kuwa ile barua ilikuwa ya kweli tangu juu mpaka chini, na kwamba angeniambia tu Alhamisi moja kabla ya kuipiga taipu, ningetia jina langu chini yake, pamoja na lake.