Mafuta ya Cheti na Joto la Maji

Kupima mafuta nilikujua zamani, kuomba msamaha nilijifunza ukubwani. Maabara yetu ilikuwa upande wa Ruashi, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama gereji ya malori ya mgodi. Kazi yangu ilikuwa kusema kama mafuta ya mashine yana uzito unaotakiwa, na namba ikishatoka mkononi mwangu, sikupenda kuulizwa mara mbili.

Kipimo ni bomba jembamba la kioo linalosimama ndani ya chombo cha maji yenye digrii arobaini kamili. Mafuta yanateremka kutoka alama ya juu hadi ya chini, nawe unahesabu sekunde. Yakikawia ni mazito, yakiwahi ni mepesi.

Jumatatu moja ya majira ya baridi nilipima mafuta ya mapipa mapya kutoka stoo. Yalipaswa kuwa mia moja, na chini ya tisini hayakubaliki. Nilipata themanini na tisa. Nikarudia mara tatu, namba ile ile, nikaandika kwamba yamechanganywa, labda na mazutu, dizeli ya malori. Neno hilo la mwisho hakuna aliyeniomba.

Mtunza stoo alikuwa baba mtu mzima, wa familia iliyotoka Kasai, aliyesoma masomo kanisani kila Jumapili. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye peke yake, basi ikasemwa ameiba mafuta na kujazia mazutu. Mkuu wa gereji alimpekua mfuko mbele ya mafundi, akamwambia Alhamisi atapewa barua ya kufukuzwa. Jumatano asubuhi alikuja kwangu, kofia mkononi.

“Mama, ile mapipa ilifika na bifuniko yake yote. Sikutiamo mazutu hata tone moya.”

“Papa, namba haina rafiki,” nikamjibu. Naona haya hadi leo nikikumbuka sauti yangu.

Hakuondoka. Alionyesha kabati. “Na ile chupa munafungiaka mule, ni ya nini?”

Yalikuwa mafuta ya cheti. Yanatoka mbali, na karatasi yake inakuambia uzito wake halisi katika kila joto, ili ukague kipimo chako kabla ya kumkagua mwenzako. Sisi tuliyaficha kama sahani za wageni. Wakaguzi wakija tunayatoa, wakienda tunayafungia.

“Basi anza na ile,” akasema. “Ile mimi sikuigusaka.”

Nilifungua chupa kwa hasira, nikitaka aone aibu. Tulisubiri nusu saa mafuta yashike joto la maji, yeye amekaa kwenye kigoda. Cheti kilisema tisini na nane. Mimi nilipata themanini na sita na nusu. Nikarudia. Vilevile.

Chupa ile hakuna mkono wa mtu uliotia mazutu. Nilichukua kipimajoto cha akiba, kilichokaguliwa, nikakishusha hadi ubavuni mwa bomba. Arobaini na mbili na kidogo. Mashine ya ukutani inayopasha maji ilikuwa bado inaandika arobaini.

Ndipo nilipoona. Jumamosi tulikuwa na salongo, usafi wetu wa pamoja, na chombo cha maji nilikiosha mimi. Kile kijiti kinachoipimia mashine joto nilikirudisha juu mno, karibu na uso wa maji, na kifuniko sikukifunga. Juu kulikuwa kunapoa kwa baridi ya asubuhi, mashine ikadhani maji yote ni baridi, ikazidi kuchemsha. Chini, penye bomba, joto lilipanda. Kwa mafuta yale, kila digrii moja inakula kama sehemu tano katika mia za uzito. Nyani haoni kundule.

Nilikishusha kijiti, nikafunika, nikasubiri tena. Mafuta ya cheti yakatoa tisini na nane. Ya mapipa yake, mia na moja.

“Papa, ni mimi njo nilikosa,” nikasema, na machozi yakanitoka.

Alitazama kofia yake. “Bibi yangu alisikia ku soko, mama. Banamuuliza kama bwana yake ni mwizi.”

Siku hiyo hiyo niliandika ripoti nyingine, nikaisoma gereji mbele ya mafundi wale wale. Barua haikuandikwa, na ufunguo akabaki nao. Lakini kwenye soko la Ruashi sikuwa na ripoti ya kusoma, na Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma, masomo akasoma mwingine.

Sasa kila asubuhi naanza na mafuta ya cheti, wakaguzi waje wasije. Yeye bado ananiletea chupa za mafuta ya stoo. Hajanitukana hata siku moja, wala haachi chupa akaenda. Anasimama karibu na chombo.

“Mama, leo maji iko ngapi?”

“Arobaini, papa.”

Anashukuru, kisha anavaa miwani, anainama, anasoma kipimajoto mwenyewe.