Kisanduku Kilichofuata Hatua ya Mwisho

Waraka mupya wa mishahara ulifika ofisini kwa mjukuu wangu, kurasa nyingi, maneno mazito. Afisa wa mishahara hakutaka kuusoma. Alimwambia, "Mi nifanyie karatasi moja tu: ngazi, hatua na kiasi. Kesho naingiza kwenye mashine."

Mtoto akaleta kazi nyumbani, mezani kwangu, mimi namenya viazi. Akachora jedwali la visanduku. Kila ngazi ya kazi ilikuwa na mstari wake: mshahara wa kuanzia, halafu hatua, na kila hatua inaongeza kiasi kilekile. Hatua unapewa ukipata alama nzuri za kazi kwa miaka waliyopanga. Hilo nililielewa hata mimi niliyeacha shule mapema.

Mama yake, binti yangu, ni muuguzi katika hospitali inayolipwa na ofisi hiyohiyo. Alama zake zilikuwa nzuri, alikuwa anangoja nyongeza. Akaja, akaweka kidole kwenye ngazi yake.

"Hatua yangu ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo, maman. Kisanduku kinachofuata naandika 'mwisho wa ngazi'."

"Usiandike. Kiache wazi."

"Nikiacha wazi atafikiri nimesahau. Atajaza mwenyewe, ataongeza kiasi kilekile. Alishafanya hivyo."

"Bon, ajaze! We hujadanganya mutu."

Nikaweka kisu chini. "Hajadanganya? Anajua yule atajaza nini, na hicho ndicho unachotaka we."

"Mama, nyamaza. We ulisomea wapi mishahara?"

"Popote. Mtoto, soma waraka unasemaje kwa aliyefika mwisho."

Akasoma. Aliyefika hatua ya mwisho haongezwi tena, hata akiwa na alama nzuri, mpaka apandishwe kwenye kazi ya ngazi ya juu.

"Umesikia," nikamwambia binti yangu. "Wakija kukagua watakukata kila mwezi mpaka pesa zirudi. Na huyu atafukuzwa."

"Mi nakesha na wagonjwa, halafu mtoto niliyemuzaa ananifungia mulango! Hilo shati la ofisi nilikununulia mimi."

"Ndiyo maana unataka nifukuzwe nalo?" mjukuu akajibu.

Sikumkemea. Mama yake alinitazama, akingoja nimkemee, nikachukua kiazi kingine. Mtoto akaandika: mwisho wa ngazi. Herufi kubwa, kalamu karibu itoboe karatasi.

Siku mishahara ilipotoka, simu ya binti yangu ililia akiwa anaanika nguo uani. Akaitazama. Pesa iliyoingia ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Akamgeukia mtoto wake, akasema, "Kazi yako ni safi sana." Hakusema kwa wema.

Mlango wa binti yangu na wangu inatazamana, ua ni mmoja. Asubuhi mtoto akitoka kwenda kazini anamwamkia mama yake, "Mwaramutse, maman." Binti yangu hamjibu yeye; salamu hiyo anairudisha kwangu.