Vidole Vinne Ukutani

Vidole vinne vya mtaalamu wa fiziotherapia vilipita kati ya kisogo changu na ukuta, na nafasi ikabaki. Visigino, makalio na mgongo vilikuwa vimegusa ukuta. Mie nilidhani nimesimama wima.

Kilichonipeleka kwenye kliniki ile ya Tabata ni kazi. Nanukuu mahojiano: nasikiliza sauti na kuandika neno kwa neno, saa kumi kwa siku, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kulia chakula. Miezi ile, nikikaa nusu saa tu, shingo ilikaza na maumivu yakapanda hadi nyuma ya macho. Nilikuwa nimeshachelewesha faili mbili. Mteja wangu mkubwa alisema wazi kwamba nikichelewesha ya tatu, kazi anampa mtu mwingine.

"Mikono inakufa ganzi?" mtaalamu aliuliza. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mkali kidogo.

"Hapana."

Hakuniamini hivihivi. Alinisukuma mikono kupima nguvu, akanigonga viwiko kwa nyundo ya mpira, kisha akakaa.

"Kaka, misuli ya kifua imekaza, ya katikati ya mgongo imezembea. Kichwa kimetangulia safari, mwili uko nyuma."

"Si unipe ule mkanda wa kunyoosha mabega?"

"Mkanda ukufanyie kazi, wewe ulale? Wiki kumi na mbili, kila siku. Ukiruka nitajua."

Nilibandika ratiba kwenye friji. Asubuhi na jioni, kurudisha kidevu nyuma bila kutazama juu wala chini, kama mtu anayejitengenezea kidevu cha pili. Kushikilia sekunde tano, mara kumi. Kuweka mikono kwenye fremu ya mlango na kusogea mbele mpaka kifua kivutike, nusu dakika, mara tatu. Kulala chali, taulo lililokunjwa likikaa chini ya mgongo wa juu. Siku tatu kwa wiki, kuvuta mpira: nilifunga tyubu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha, nikavuta viwiko nyuma huku mabega yakiwa chini. Na kila nusu saa, kuinuka kitini.

"Unagombana na dirisha?" mke wangu aliniuliza siku ya kwanza.

Zaidi ya hayo, kioo cha kompyuta kilitakiwa kiwe usawa wa macho, na kibodi ya pembeni iwe chini, viwiko vikae karibu na mbavu. Kibodi nilinunua. Kibao cha kuinulia kompyuta nilikwenda kukitengenezesha Keko, kwa mzee mmoja fundi seremala.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa hapo, kaa kama unavyokaaga kazini."

Nikakaa. Akachukua futi kamba, akapima kutoka juu ya meza hadi machoni pangu, akaandika kwa penseli kwenye ubao. Kibao kilitoka kizuri, mninga mtupu. Nilikitumia wiki tano.

Wiki ya sita nikaanza kuhangaika. Sasa niliweza kukaa saa moja na nusu kabla shingo haijaanza kuuma, lakini nikikaa wima nilijikuta natazama chini, na baada ya muda kichwa kinarudi kulekule mbele. Nilidhani programu imeshindwa. Nikamwomba mke wangu anipige picha nikiwa mezani, nikamtumia mtaalamu kwa simu.

Alijibu kwa sauti, anacheka. "Fundi amekupima umejikunja! Amemtengenezea kibao yule mtu wa zamani."

Nilirudi Keko na kibao changu. Mzee akanipima tena, akatazama namba zake za mwanzo, akanitazama mie.

"Umerefuka?"

"Nimenyooka, fundi."

"Basi futi yangu haina kosa," alisema kwa msisitizo. "Nilikuambia ukae kama unavyokaa, ukakaa." Akakigongelea kibao miguu mipya, kikapanda sentimita tano. Nikacheka, lakini alisema kweli.

Tangu siku hiyo sijaruka hata jioni moja. Siku umeme ulipokatika nilirudisha kidevu gizani, nikihesabu kwa sauti. Faili ya tatu ilifika kwa wakati, na zilizofuata pia.

Wiki ya kumi na mbili nilisimama tena kwenye ukuta ule. Mtaalamu akapitisha mkono. Vidole viwili.

"Na hivi vilivyobaki?" niliuliza.

"Vinaweza kuwa mazoea, vikaisha. Vinaweza kuwa ndivyo mgongo wako ulivyo. Leo siwezi kukuambia. Cha maana uweze kufanya kazi."

Mteja amenipa rekodi arobaini, zinaanza Jumatatu, na hajawahi kunipa nyingi hivyo. Nimekubali. Muda mrefu zaidi niliowahi kukaa bila shingo kuuma, nikiinuka kila nusu saa, ni saa tatu.